Shajara ya mradi: mianzo miwili ya video moja, watazamaji mia chache kila upande

7 Aprili. Mpango kabla ya kutuma

Video ya kuhifadhi mahindi kwenye mifuko isiyopitisha hewa imekwisha kuhaririwa, nayo ina urefu wa dakika 2 na sekunde 40. Tunayo matoleo mawili yanayotofautiana mwanzoni tu. Toleo A linaanza kwa bwana shamba kusalimia, kujitambulisha na kueleza atakachofundisha. Toleo B linaanza kwa mikono ya mkulima ikifungua gunia na kumwaga mahindi yaliyotobolewa na dumuzi, unga ukitimka juu ya turubai, ndipo bwana shamba aingie na kuanza kusema. Kuanzia sekunde ya 20 picha ni zile zile na sauti ni ile ile hadi mwisho.

Swali letu ni moja: je, mwanzo wa B unawafikisha watazamaji wengi zaidi kwenye sekunde ya 30? Tumechagua sekunde hiyo kwa sababu hapo ndipo somo lenyewe linapoanza, yaani kukausha mahindi mpaka unyevu ushuke hadi asilimia 13 kabla ya kuyatia mfukoni. Anayeondoka kabla ya hapo hajajifunza chochote. Tumeacha kwa makusudi kupima wastani wa muda wa kutazama, kwa kuwa idadi ikiwa ndogo, watu wachache wanaotazama video yote wanaweza kuuvuta wastani huo juu peke yao, hali kipimo cha "alifika au hakufika" hakiyumbishwi na mtu mmoja kiasi hicho.

Orodha yetu ina namba za simu 3,660 za wakulima wa Mbozi waliokubali kupokea masomo kwa ujumbe mfupi. Kompyuta imezichanganya namba zote kwa bahati nasibu na kuzigawa nusu kwa nusu, na kila namba imekwisha kufungwa kwenye toleo lake kabla ya ujumbe wa kwanza kutoka. Maneno ya ujumbe ni yale yale kwa pande zote mbili, na picha ya jalada anayoiona mtu kabla ya kubonyeza ni ile ile. Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Mpokeaji hawezi kujua atapewa toleo gani mpaka awe amekwisha kufungua, kwa hiyo waliofungua A na waliofungua B ni watu wa aina moja, na tunaweza kuhesabu asilimia kwa kutumia waliofungua tu. Kama majalada yangetofautiana, jalada lenyewe lingechuja watu mlangoni, na tofauti ya baadaye ingeweza kuwa ya watu badala ya video.

Mpiga picha wetu alipendekeza tupandishe matoleo yote mawili YouTube na kusubiri namba. Tumekataa, na sababu ninaiandika hapa kwa sababu swali hili litarudi. Video mbili zikipandishwa kila moja kivyake, mtandao ndio unaoamua nani aonyeshwe ipi. Moja inaweza kuangukia kwa wafuasi wetu wa zamani, ambao hutazama kwa subira, na nyingine ikaangukia kwa wapita njia waliokuwa wakitafuta kitu kingine. Hesabu ya umuhimu wa kitakwimu hujibu swali moja tu, nalo ni kama tofauti tuliyoiona ingeweza kuletwa na bahati ya nani alienda upande upi. Haiwezi kujua kwamba pande hizo hazikugawanywa kwa bahati tangu mwanzo, na itatoa jibu lenye sura ya uhakika hata pale ambapo mlinganisho wenyewe ni batili.

Kisha nikapiga hesabu ya idadi tunayohitaji. Kwenye video zetu zilizotangulia, takribani asilimia 35 ya waliofungua walifika sekunde ya 30. Nimetumia kiwango cha kawaida cha kukubali hatari ya asilimia 5 ya kutangaza tofauti isiyokuwapo, yaani mstari wa 0.05, na nikataka tuwe na nafasi 8 kati ya 10 za kuigundua tofauti kama ipo kweli. Kwa masharti hayo, kuigundua tofauti ya pointi 10 za asilimia, yaani kutoka 35 hadi 45, kunahitaji watazamaji wapatao 375 kila upande. Tofauti ya pointi 7 inahitaji 755 hivi kila upande, na ya pointi 5 inahitaji takribani 1,470. Tofauti ikipungua kwa nusu, idadi inayohitajika haiongezeki mara mbili bali mara nne, na ndiyo maana video yenye watazamaji mia chache ina uwezo wa kuonyesha mambo makubwa tu.

Kwa uzoefu wetu, kati ya watu 100 wanaopokea ujumbe, wanaofungua ni chini kidogo ya 40. Orodha nzima kwa hiyo inaweza kutupa watazamaji 1,400 hivi, 700 kila upande. Tunaingia tukijua kwamba kama B inaizidi A kwa pointi 3 tu, jaribio hili halitaliona jambo hilo.

Jambo la mwisho kabla ya kutuma. Fedha za ujumbe zitaingia kwa mafungu mawili, na mratibu atataka kuona matokeo baada ya fungu la kwanza. Kuangalia matokeo njiani kuna gharama yake. Peter Armitage na wenzake walionyesha mwaka 1969 kwamba mtu anayepima data inayoendelea kukusanywa, kila mara akitumia mstari ule ule wa 0.05, hatari yake ya kutangaza tofauti isiyokuwapo hupanda kutoka asilimia 5 hadi takribani 8 akiangalia mara mbili, na hadi 14 akiangalia mara tano. Bahati huyumba juu na chini njiani, na kadiri unavyoichungulia ndivyo unavyojipa nafasi nyingi za kuikuta iko juu. Stuart Pocock alitoa mwaka 1977 mistari mikali zaidi ya kufidia hali hiyo: kwa wanaopanga kuangalia mara mbili, kila mara mstari uwe 0.0294 badala ya 0.05. Tumeuchukua huo. Tutaangalia baada ya fungu la kwanza na baada ya fungu la pili, hakuna mara ya tatu, na tofauti itatangazwa tu kama thamani ya p, yaani uwezekano wa bahati tupu kuleta tofauti kubwa kama hiyo au zaidi, iko chini ya 0.0294. Kwa mstari huo, kama tofauti ya kweli ni pointi 7, nafasi yetu ya kuigundua mwishoni ni kama 7 kati ya 10. Mratibu ametia saini ukurasa huu.

22 Aprili. Kusafisha kumbukumbu za fungu la kwanza

Ujumbe 1,500 ulitoka, 750 kila upande. Ukurasa wetu hutuma ishara kwenye seva video inapoanza, na nyingine inapofika sekunde ya 30. Mafaili yote mawili tuliyabana kwa kiwango kimoja, kwa sababu mwanzo wa B una mwendo mwingi, na kama faili lake lingekuwa zito zaidi, lingekwama kwenye mtandao hafifu na kuwapoteza watu kwa sababu isiyohusu maudhui.

Kazi ya leo imekuwa kugeuza michezo, yaani kila mara video ilipochezwa, kuwa watu. Seva huhesabu kila mara video inapochezwa, na mtu mmoja anaweza kuicheza mara nyingi. Hesabu za kitakwimu zinadai kila tukio lijitegemee, na mtu aliyekwisha kutazama mara moja akirudi kutazama tena si tukio jipya: anajua kilichomo, na kwa kawaida anakirudia kwa kuwa kilimpendeza. Kanuni tuliyoiandika ni kuchukua mchezo wa kwanza tu wa kila namba ya simu.

Nataka kuonyesha namba moja kwa ukaribu, kwa sababu inafundisha kuliko maelezo. Iko upande wa B, na siku moja alasiri ilicheza video mara 17 ndani ya muda wa saa moja na nusu, na kila mara ilipita sekunde ya 30. Mwenye simu alipoulizwa, alisema alikuwa kwenye ghala la chama cha msingi siku ya mkutano, na simu ilipita mkononi mwa mmoja baada ya mwingine. Ni habari njema kwa mradi. Lakini watu wale waliambiwa na mwenzao kwamba video inafaa kutazamwa, wakakaa wakiitazama mbele ya wengine, na hawakuwa kwenye orodha tuliyoigawa. Kama tungeihesabu michezo yote 17, upande wa B ungepata nyongeza ya 16 waliofika, tofauti ingeonekana kuwa pointi 10, na thamani ya p ingeshuka hadi takribani 0.012. Simu moja ghalani ingetosha kutupitisha mstari. Kwa mtu mwenye watazamaji 50,000 michezo 16 ni tone baharini. Kwetu sisi ni matokeo mazima.

Baada ya kusafisha, A imebaki na watu 284 na B watu 291. Nimehakikisha pia kwamba mgawanyo huo wenyewe ni wa kawaida: watu 575 wakigawanywa kwa bahati, kupishana kwa watu 7 hakushangazi hata kidogo. Kama ningekuta 284 kwa 350, nisingeendelea na hesabu yoyote mpaka nijue ishara za upande mmoja zinapotelea wapi.

24 Aprili. Kuangalia mara ya kwanza

Upande wa A, watu 99 kati ya 284 walifika sekunde ya 30, sawa na asilimia 34.9. Upande wa B walifika 122 kati ya 291, sawa na asilimia 41.9. Tofauti ni pointi 7.1 kwa manufaa ya B.

Njia ya kawaida ya kuipima ni hii. Tukichukulia kwamba mwanzo wa video haubadilishi kitu, basi pande zote mbili ni kundi moja ambalo limefika kwa asilimia 38.4. Kutokana na asilimia hiyo na idadi ya watu wa kila upande, kosa sanifu la tofauti ni pointi 4.06, yaani huo ndio mtikisiko wa kawaida ambao bahati peke yake ingeuleta kama tungerudia mgawanyo tena na tena. Tofauti yetu ya 7.1 ni mara 1.74 ya mtikisiko huo, na thamani ya p inayotokana nayo ni 0.08.

Kwa kuwa wenzangu wawili hawapendi kupokea namba inayotoka kwenye jedwali wasilolijua, niliwaonyesha njia nyingine isiyohitaji jedwali lolote. Tunaandika karatasi 575, moja kwa kila mtu: 221 zina neno "alifika" na zilizobaki zina "hakufika". Tunazichanganya vizuri, tunahesabu 284 na kuziita A, na zilizobaki tunaziita B. Mgawanyo huu haujui lolote kuhusu dumuzi wala salamu za bwana shamba, kwa hiyo tofauti yoyote itakayojitokeza ni ya bahati tupu. Tukirudia mara 10,000 tutaona ni mara ngapi bahati tupu inafikia tofauti kubwa kama yetu au kuipita, upande wowote. Kompyuta inaifanya kazi hiyo kwa mistari michache:

```python
import random
a = [1]*99 + [0]*185
b = [1]*122 + [0]*169
tofauti = sum(b)/291 - sum(a)/284
wote = a + b
mara = 0
for i in range(10000):
    random.shuffle(wote)
    t = sum(wote[284:])/291 - sum(wote[:284])/284
    if abs(t) >= tofauti - 1e-9:
        mara += 1
print(mara / 10000)
```

Jibu linacheza karibu na 0.087, kila unapoendesha likisogea kidogo huku au huko. Limekaribiana na lile la jedwali, na maana yake sasa inashikika: katika kila michanganyo 100 ambayo mwanzo wa video hauna athari yoyote, karibu 9 inatoa tofauti kubwa kama tuliyoiona au zaidi. Hilo si jambo la nadra kiasi cha kutufanya tuseme bahati haiwezi kuwa ndiyo iliyoleta matokeo haya, na liko mbali na mstari wetu wa 0.0294.

Mpiga picha aliuliza: "Kwa hiyo kuna asilimia 91 kwamba B ni bora?" Hapana, na nimeomba maneno hayo yasiingie kwenye taarifa yoyote. Hesabu ilianza kwa kudhani kwamba hakuna tofauti, kisha ikauliza data kama hii ni ya nadra kiasi gani chini ya dhana hiyo. Haijasema lolote kuhusu uwezekano wa dhana yenyewe kuwa kweli. Ili kupata namba ya namna hiyo ingebidi kwanza tukubaliane tuliamini nini kuhusu mianzo ya video kabla ya kuona data, na hatukufanya hivyo.

Kinachosaidia zaidi ni masafa ya uhakika. Kwa asilimia 95, tofauti ya kweli inayopatana na data hii inaanzia chini ya sifuri kidogo, yaani B kuwa duni kwa pointi 0.9, hadi B kuwa bora kwa pointi 15. Ukisoma masafa hayo badala ya p peke yake, huwezi kuandika kwamba "hakuna tofauti". Pointi 15 zingekuwa mafanikio makubwa mno, na bado hazijaondolewa. Data ya watu mia tatu hivi kila upande haijasema ndiyo wala hapana. Imesema tu kwamba A haiwezi kuwa bora kwa kiasi kikubwa.

Nimeongeza hesabu moja ambayo ilinikaa moyoni jioni nzima. Kwa idadi hii ya watu, ili tofauti ipite mstari wa 0.0294 ni lazima ionekane kuwa pointi 8.8 au zaidi. Tuseme tofauti ya kweli ni pointi 5. Basi kila jaribio la ukubwa huu litakalofanikiwa kupita mstari litakuwa limetiwa chumvi na bahati, kwa sababu bila chumvi hiyo lisingepita. Anayetangaza ushindi wake kwenye watazamaji mia chache huenda akawa sahihi kuhusu upande ulio bora, huku akiwa amekosea sana kuhusu kiasi, na video inayofuata ikishindwa kufikia kiasi kile atadhani kuna kitu kimeharibika.

29 Aprili. Ombi la kukatakata data

Mratibu alinipigia simu akiwa na wazo. Alisema, "Kaka, hebu tuangalie wanawake peke yao, kisha vijana, kisha wanaotazama usiku, maana huenda B inafanya kazi kwa kundi fulani tu." Ni swali halali la mkulima na la mtangazaji, na huenda jibu lake ni ndiyo. Tatizo ni kwamba data tuliyonayo haiwezi kulijibu. Watu 575 wakigawanywa kwa makundi 12 yasiyoingiliana, kila kundi lina watu 48 hivi, 24 kila upande, na mtikisiko wa bahati ndani ya kundi la namna hiyo ni karibu pointi 14. Tena, tukipima makundi 12 kwa mstari wa 0.05, nafasi ya angalau moja kujitokeza kuwa na "tofauti" wakati hakuna tofauti popote ni asilimia 46. Tungelipata kundi letu, tungelitafutia maelezo mazuri ya kwa nini wanaotazama usiku wanapenda kuona dumuzi, na maelezo hayo yangeaminika.

Nilimjibu, "Dada, tuchague kundi moja sasa hivi, kabla ya fungu la pili kutoka, na tulipime kwenye fungu la pili tu." Alichagua wanawake. Tumeandika kwamba matokeo ya kundi hilo yatasomwa kama dalili ya kufuatiliwa baadaye, hayatatumika kuamua lolote.

19 Mei. Fungu la pili na jibu la mwisho

Ujumbe 2,160 uliobaki ulitoka, 1,080 kila upande, na kanuni za kusafisha ni zile zile. Upande wa A walifungua 418 na wakafika 151, sawa na asilimia 36.1. Upande wa B walifungua 409 na wakafika 166, sawa na asilimia 40.6. Tofauti imekuwa pointi 4.5. Imepungua, lakini haijageuka.

Fungu hili likisomwa peke yake lina p ya 0.19. Hapo ndipo ningependa msomaji asimame kidogo, kwa sababu ni rahisi kusema kwamba fungu la kwanza lilikaribia na la pili limekanusha. Halijakanusha. Masafa yake ya uhakika yanaanzia kasoro pointi 2.2 hadi pointi 11.1, na tofauti ya 7.1 ya fungu la kwanza imo humo kwa raha zote. Mafungu mawili yenye ukubwa huu yanaweza kupishana kwa pointi 2 au 3 bila kitu chochote kubadilika shambani wala kwenye video. Hakuna haja ya kutafuta sababu ya mvua au ya msimu kueleza kupishana huko.

Mpango wetu ulikuwa kuyasoma yote kwa pamoja. A: 250 kati ya 702, asilimia 35.6. B: 288 kati ya 700, asilimia 41.1. Tofauti ni pointi 5.5, kosa sanifu ni pointi 2.6, na thamani ya p ni 0.033.

Chumbani palikuwa na ukimya, kisha mpiga picha akasema, "Si iko chini ya 0.05?" Iko chini ya 0.05, na iko juu ya 0.0294. Kama tusingeangalia baada ya fungu la kwanza, mstari wetu ungekuwa 0.05 na leo tungetangaza. Tuliangalia, na tulikuwa tumejiwekea haki ya kusimama palepale kama namba zingekuwa nzuri. Haki hiyo ndiyo tunayoilipia sasa. Masafa ya uhakika yaliyorekebishwa kwa kuangalia mara mbili yanaanzia kasoro pointi 0.1 hadi pointi 11.2. Yamegusa sifuri kwa unywele.

Sitaki mtu asome 0.0294 kama ukuta ambao upande wake mmoja kuna ukweli na mwingine kuna uongo. Ushahidi wenye p ya 0.033 na ule wenye p ya 0.029 ni ndugu wa karibu. Lakini mstari uliowekwa kabla ya data ndio unaotulinda na tamaa zetu, na ukisogezwa mara moja baada ya kuona namba, kila mstari tutakaouweka baadaye utakuwa umekwisha kupoteza kazi yake. Taarifa itaandika hivi: tofauti iliyoonekana ni pointi 5.5 kwa manufaa ya B. Haijafikia kiwango tulichojiwekea. Data inapatana na faida ya kuanzia sifuri hadi pointi 11.

Kuhusu wanawake wa fungu la pili, tofauti ilikwenda upande ule ule wa B, na masafa yake ni mapana kiasi kwamba hayatofautiani na ya wanaume. Nimeliacha hapo.

23 Mei. Maamuzi

Tulikaa kuamua mambo mawili ambayo yanafanana kwa mbali tu.

La kwanza ni toleo lipi lipelekwe kwa wakulima wengine kabla ya mavuno kukamilika. Yote mawili yamekwisha kupigwa, hakuna gharama ya kuchagua moja badala ya lingine, na lazima moja lichaguliwe. Hapa hatuhitaji kuvuka mstari wowote. Kadirio bora tulilonalo linaelekea B, na hata kama kadirio hilo ni la bahati, sehemu mbaya kabisa ya masafa yetu inasema tutapoteza sehemu ndogo ya pointi moja. Tunatuma B.

La pili ni pendekezo la kurudi shambani na kupiga upya mianzo ya video zetu nyingine kwa mtindo wa B. Hilo lina gharama ya usafiri, ya siku za kazi za bwana shamba, na ya kutafuta mahindi yaliyoliwa, ambayo baada ya mavuno mapya hayatapatikana kwa miezi kadhaa. Kwa uamuzi wa namna hiyo, faida inayoweza kuwa sifuri haitoshi. Tumekubaliana tusirudi kwa sasa. Mpiga picha hakufurahi, na ninamwelewa, kwa kuwa mwanzo ule wa unga kutimka ni kazi nzuri ya mikono yake. Lakini uzuri wa picha hatukuupima, tulipima watu waliobaki.

Kwa majaribio yanayofuata tuna orodha ile ile ya watu 3,660, ambayo ikitumwa yote kwa mkupuo na kuangaliwa mara moja tu ina nafasi 8 kati ya 10 za kugundua tofauti ya pointi 7 na kidogo. Nimeondoa kwenye ratiba jaribio la rangi ya maandishi na jaribio la muziki wa chinichini, kwa sababu hakuna anayetarajia hata mojawapo lilete zaidi ya pointi 2 au 3, na tungebaki na masafa mengine yanayokumbatia sifuri. Lililobaki ni jaribio la video ya kukausha mahindi juu ya turubai, ambapo upande mmoja utapata somo zima la dakika 3 na mwingine utapata somo lililokatwa hadi dakika 1 na nusu, na kipimo kitakuwa kufikia hatua ya mwisho ya somo. Mpango wake wa hesabu utaandikwa kwenye shajara hii na kutiwa saini kabla ujumbe wa kwanza haujatoka.